Kuondoa nguzo ya taa mbele ya jengo na kuyajenga upya madirisha yaliyofichwa

Nguzo iliyosimama mbele ya anga au majani huondoka kwa dakika mbili. Unapitisha brashi ya kurekebisha, kazi imekwisha. Nguzo hiyohiyo ikisimama mbele ya ukuta wenye madirisha, brashi ileile inaacha fremu zilizopinda, ukingo wa dirisha uliokatika katikati na plasta yenye mawingu. Jicho la mtu linajua dirisha linavyopaswa kukaa, kwa hiyo mstari ukipotoka kidogo tu, hata asiyejua lolote kuhusu picha ataona kuna kitu hakiko sawa.

Sababu ni kwamba nyuma ya nguzo kuna kitu mahususi, kilichojengwa kwa vipimo, na kompyuta haikijui. Kwa hiyo kazi yetu hapa si kufuta nguzo. Ni kujenga upya ukanda wa ukuta uliofichwa kwa kutumia vipande vya jengo lenyewe, kwa mpangilio ambao fundi ujenzi angeuelewa: kwanza mistari, kisha fremu, mwisho plasta na rangi.

Nitatumia GIMP 2.10, kwa kuwa ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye kompyuta ya kawaida. Majina ya zana nitayaandika kama yanavyosomeka kwenye skrini.

Picha tutakayoifanyia kazi

Chukua jengo la zamani la ghorofa mbili juu ya maduka, la aina inayoonekana Mtaa wa Samora jijini Dar es Salaam. Upana wake ni kama mita 15 na kimo chake kama mita 11. Kila ghorofa ina madirisha matano, na kutoka dirisha moja hadi lingine ni mita 3. Mpiga picha amesimama ng'ambo ya barabara, mita 12 kutoka ukutani, akikabili kona ya kushoto ya jengo, na kamera ameigeuza kulia na kuiinua kidogo juu. Nguzo ya taa yenye unene wa sentimita 16 iko ukingoni mwa barabara, mita 4 mbele ya ukuta. Kwenye picha imeziba upande wa kulia wa dirisha la tatu katika ghorofa zote mbili, na kichwa cha taa kinagusa ukanda wa plasta unaojitokeza chini ya paa.

Kabla ya kufungua programu, jua nguzo imeficha kiasi gani. Kamera iko mita 12 kutoka ukutani na mita 8 kutoka usawa wa nguzo. Gawanya 12 kwa 8 upate 1.5, kisha zidisha kwa unene wa nguzo: sentimita 16 zinaficha sentimita 24 za ukuta. Si kubwa, lakini zinatosha kumeza pembe nzima ya dirisha.

Hesabu hiyohiyo inakuonyesha njia bora kuliko zote, kama bado uko barabarani. Ukisogea hatua moja ya mita 1 kushoto na kupiga picha ya pili, nguzo itahama ukutani kwa nusu mita kuelekea kulia, na kile kilichofichwa katika picha ya kwanza kitakuwa wazi katika ya pili. Nguzo ikiwa karibu zaidi na kamera, itahama zaidi. Mimi hupiga picha tatu kila ninapoona nguzo mbele ya jengo: ya katikati, ya kushoto na ya kulia, kwa mpangilio uleule wa mwanga kwenye kamera. Hakuna ustadi wa kompyuta unaoushinda ukuta wenyewe. Lakini mara nyingi picha inakuja moja tu, kutoka kwa mteja au kwenye kumbukumbu za zamani, na hiyo ndiyo hali ninayoieleza hapa. Kama unazo mbili, hatua ni zilezile, ila badala ya kuazima kipande cha dirisha la jirani utachukua kipande halisi kutoka picha ya pili.

Nyoosha kwanza mkunjo wa lenzi

Fungua picha na uihifadhi mara moja kama faili ya XCF, ili leya zako zisipotee. Nakili leya ya chini kwa Shift+Ctrl+D na uiache ile ya mwanzo bila kuigusa.

Lenzi pana, na simu nyingi pia, huvimbisha mistari iliyo karibu na kingo za picha. Shika mstari mrefu ulionyooka kwenye jengo, kama ule ukanda wa chini ya paa, na uulinganishe na mstari ulionyooka kweli. Njia rahisi ni kuchukua zana ya Paths, kubofya mwanzo na mwisho wa ukanda, na kutazama kama katikati ukanda unaiacha njia yako. Ukiiacha, nenda Filters > Distorts > Lens Distortion na usogeze Main taratibu mpaka ukanda ulale juu ya mstari.

Usiruke hatua hii. Kila kinachofuata kinategemea kwamba mstari ulionyooka ukutani umenyooka kwenye picha. Ukuta ukibaki umevimba, dirisha utakaloliazima litakaa sawa juu lakini litapotoka chini, na utahangaika bila kujua tatizo limetoka wapi.

Utazame ukuta kana kwamba umesimama mbele yake

Katika picha iliyopigwa kwa pembe, dirisha la pili ni kubwa kuliko la tatu, na la tatu ni kubwa kuliko la nne. Huwezi kunakili moja na kulibandika juu ya lingine. Tutaugeuza ukuta uwe bapa, tuutengeneze hapo, kisha turudishe kipande kilichotengenezwa mahali pake.

Tengeneza leya mpya tupu, iite «alama». Chukua brashi ndogo yenye rangi inayoonekana vizuri na uweke nukta katika pembe nne za ukuta: juu kushoto, juu kulia, chini kulia, chini kushoto. Chagua pembe zilizo kwenye bapa moja la ukuta. Ncha ya paa inayojitokeza haifai, wala ngazi ya mlangoni. Andika pia namba za kila nukta, zile zinazoonekana chini ya dirisha la picha unapopitisha kipanya. Utazihitaji wakati wa kurudi.

Sasa nakili tena leya ya picha uliyoinyoosha, iite «bapa», na uhakikishe hakuna kilichochaguliwa (Select > None). Chukua zana ya Perspective, Shift+P, na uweke hivi:

```
Direction:      Corrective (Backward)
Interpolation:  LoHalo
Clipping:       Clip
```

Buruta pembe nne za fremu ya zana mpaka kila moja ikae juu ya nukta yake, kisha bonyeza Transform. Ukuta utajaza leya nzima. Katika picha ya pikseli 6000 kwa 4000, mita 15 za ukuta sasa zimekuwa pikseli 6000, yaani pikseli 400 kwa kila mita ya upana. Kwenda juu uwiano ni tofauti kidogo, na madirisha yanaweza kuonekana yametanuka. Usijali, maana yote yametanuka kwa kiasi kilekile na yatarudi yalivyokuwa.

Sasa angalia. Mistari ya mlalo imelala, ya wima imesimama, madirisha yanalingana, na nguzo yenyewe imekuwa mkanda ulionyooka wima wenye upana wa pikseli kama 100. Kama nguzo ya kweli iliinama, mkanda nao utainama, na hilo ni zuri, kwa sababu sehemu ya juu ya dirisha itakuwa imefichwa tofauti na ya chini. Kama madirisha hayalingani kabisa, nukta moja uliiweka vibaya. Rudi nyuma kwa Ctrl+Z na uiweke upya sasa hivi. Kosa hili halitibiki baadaye.

Mistari ya mlalo ndiyo ya kwanza

Vuta miongozo ya mlalo kutoka kwenye rula ya juu na uiweke kwenye kila mstari unaokatizwa na nguzo: ukanda wa chini ya paa, ukingo wa juu wa dirisha, kibao cha chini ya dirisha, mstari unaotenganisha ghorofa, na bango la duka kama lipo. Katika kila mmoja, tazama kushoto na kulia kwa nguzo. Majengo ya zamani yana mistari inayoshuka sentimita moja au mbili kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwa sababu ya msingi kutitia au plasta kupakwa upya. Mwongozo ni wa kukusaidia kuona, lakini mstari wako lazima uunganishe kilichopo kushoto na kilichopo kulia, hata kama haulali juu ya mwongozo.

Tengeneza leya mpya juu ya «bapa» kwa ajili ya kazi hii. Chukua zana ya Clone, washa Sample merged, na weka Alignment kuwa Aligned. Shika Ctrl na ubofye hasa kwenye ukingo wa mstari, kwa mfano pale plasta yenye mwanga inapokutana na kivuli chake, umbali wa kama pikseli 150 kushoto kwa nguzo. Kisha bofya kwenye ukingo huohuo pale unapoanza kufichwa, shika Shift, na ubofye pale unapojitokeza tena upande wa pili. GIMP itachora kati ya sehemu hizo mbili kwa mstari ulionyooka. Tumia brashi isiyo laini sana. Hardness ya 75 hivi inafaa, kwa kuwa brashi laini hufanya ukingo wa plasta uonekane umetoka nje ya fokasi.

Fanya hivyo kwa kila mstari, kisha pumzisha macho na utazame picha nzima. Nguzo bado ipo, lakini imekatwakatwa na mistari inayopita juu yake. Sasa una mifupa ya ukuta, na kila dirisha lina mahali pa kujishikiza.

Dirisha la tatu, hatua kwa hatua

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, hata kwa watu wanaojua programu vizuri, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Swali la kwanza ni uazime wapi. Dirisha la juu au la chini katika safu ileile ya wima halikusaidii, maana nguzo ni ya wima na imeziba pande zilezile katika ghorofa zote. Utaazima kwa jirani wa ghorofa ileile. Kati ya la pili na la nne, chukua la pili kwanza. Liko karibu zaidi na kamera, kwa hiyo lilikuwa na pikseli nyingi kabla ya kugeuzwa bapa. La nne limetanuliwa na programu, na mbao zake zitaonekana laini kuliko za jirani zake.

Usilipindue dirisha ili kutumia upande wake wa kushoto kama wa kulia. Ni kishawishi kikubwa, kwa kuwa nusu ya kushoto ya dirisha la tatu ipo wazi kabisa. Lakini jua linatoka upande mmoja, na kivuli ndani ya uwazi wa dirisha kitaangukia upande usio wake. Halafu, kwa kuwa kamera iko kushoto, unaona unene wa ukuta upande wa kulia tu wa kila dirisha. Upande wa kushoto unene huo umejificha. Kipande kilichopinduliwa hakitakuwa nao.

Chagua kwa Rectangle Select upande wa kulia wa dirisha la pili, kuanzia katikati ya kioo hadi pikseli 100 ndani ya plasta, na kutoka juu ya dirisha hadi chini ya kibao. Bofya leya ya «bapa», nakili, kisha Edit > Paste as > New Layer. Isogeze kulia kwa umbali kati ya madirisha. Kwa vipimo vyetu mita 3 ni pikseli 1200, lakini pima kwa zana ya Measure kati ya ukingo wa kushoto wa dirisha la pili na wa tatu, kwa sababu fundi wa wakati ule hakupima kwa pikseli na tofauti ya sentimita mbili ni ya kawaida. Punguza Opacity ya leya hadi 50 na umalizie kwa vishale vya kibodi.

Na hapa utaona jambo la ajabu: ukingo wa plasta ukikaa sawa, fremu ya mbao haikai. Ukiiweka fremu sawa, ukingo unahama. Hujakosea. Ukuta na fremu haviko kwenye bapa moja, maana fremu imewekwa ndani, tuseme sentimita 20 nyuma ya uso wa ukuta. Tumeunyoosha ukuta peke yake, na vilivyo nyuma yake vinahama kadiri unavyokwenda mbali na kamera.

Habari njema ni kwamba vinahama kwa kiasi kinachotabirika. Kwenye picha iliyogeuzwa bapa, unene wa ukuta unaoonekana upande wa kulia wa dirisha huongezeka kwa kiasi kilekile kutoka dirisha hadi dirisha, mradi madirisha yamepangwa kwa umbali sawa. Kwa jengo letu, dirisha la pili linaonyesha unene wa pikseli 33 na la nne pikseli 73. La tatu basi ni katikati yake: 53. Huhitaji kubahatisha. Pima jirani wawili, tafuta wastani, umepata kipimo cha kitu usichokiona.

Kwa hiyo kigawe kipande ulichoazima sehemu tatu, kila moja kwenye leya yake. Plasta ya nje na ukingo wake ulinganishe na mwongozo wa wima uliouweka kwa umbali sawa na upana wa dirisha la pili, ukipima kutoka ukingo wa kushoto wa dirisha la tatu, ambao bado upo. Fremu na kioo vilinganishe na fremu ya dirisha la tatu lenyewe, kwa kutumia mbao ya katikati inayoonekana. Kisha katikati ya hivyo viwili utabaki na pengo, ambalo ndilo ule unene wa pikseli 53. Lijaze kwa unene wa dirisha la nne ulioupunguza kutoka 73 hadi 53 kwa zana ya Scale. Kupunguza hakuharibu, ilhali kuuvuta wa dirisha la pili kutoka 33 kungetanua chembe za plasta zikaonekana kama michirizi.

Kivuli cha jua hakina tabia hii. Jua liko mbali mno, hivyo kivuli kinachoshuka kutoka ukingo wa juu wa dirisha kina kimo kilekile katika madirisha yote ya ghorofa moja. Kikishuka tofauti, ujue umekosea kulinganisha kwenda juu na chini.

Rudia kwa ghorofa ya pili, ukianza upya na madirisha ya ghorofa hiyo. Usishushe wala kupandisha kipande kutoka ghorofa nyingine, maana jinsi unavyokiona kibao cha chini na sehemu ya juu ya uwazi inabadilika kwa kimo.

Kioo kina nguzo ya pili

Watu wengi huondoa nguzo wakasahau kwamba madirisha yanaiakisi. Na hawaioni kwa sababu hawaitafuti mahali inapokaa. Taswira ya nguzo kwenye kioo haiko kando ya nguzo. Ni kana kwamba kuna nguzo nyingine mita 4 nyuma ya ukuta, yaani mita 16 kutoka kamera. Kwenye picha yetu nguzo inakatiza ukuta kama mita 8 kutoka kona ya kushoto. Taswira yake inaangukia kama mita 4 kutoka kona hiyo, na hapo ndipo lilipo dirisha la pili, lilelile tuliloliazima.

Kwa hiyo kabla hujabandika chochote, kitazame kioo cha dirisha la pili. Utaona mkanda mwembamba wa wima, nusu ya upana wa nguzo, karibu na upande wa kushoto wa dirisha. Kwa bahati sisi tumeazima upande wa kulia. Lakini mkanda huo nao lazima uondoke kwenye dirisha la pili, vinginevyo mtazamaji makini ataona taswira ya kitu kisichokuwepo.

Kwa kioo cha dirisha la tatu, usitumie kioo cha dirisha la pili kabisa. Kila kioo kinaakisi sehemu yake ya mtaa, na wingu au ukuta wa ng'ambo vikijirudia katika madirisha mawili vinaonekana upesi. Futa kioo kwenye kipande ulichoazima, ubakize fremu tu, kisha ujaze sehemu iliyofichwa kwa Clone kutoka kioo kilekile cha dirisha la tatu, kwa kurefusha kilichopo.

Plasta, ya mwisho na iliyo rahisi

Kati ya dirisha la tatu na la nne umebaki mkanda wa plasta wenye mabaki ya nguzo. Tumia Clone kuweka chembe za plasta kutoka pembeni, ghorofa ileile, kisha pitisha Heal ili rangi ziungane. Heal ni zana nzuri lakini ina hatari moja: ikigusa ukingo wa dirisha inaivuta rangi ya kivuli na kuacha doa jeusi. Kwa hiyo kabla ya kuitumia, chagua kwa Rectangle Select sehemu ya plasta peke yake, ukiacha pikseli tano au sita kutoka kila ukingo. Heal haitatoka nje ya uchaguzi.

Michirizi ya maji ya mvua chini ya vibao vya madirisha iache iwe tofauti. Ukuta wa Dar uliopigwa na mvua za masika miaka mingi hauna madoa mawili yanayofanana. Ukiona doa lilelile mara mbili, livunje kwa Clone kutoka sehemu nyingine.

Kuirudisha mahali pake

Unganisha leya zote za marekebisho na «bapa» kwa Merge Down, mpaka ibaki leya moja yenye ukubwa wa picha nzima. Hili ni la lazima. Zana ya Perspective inashika pembe za leya, na leya ndogo iliyobaki peke yake itakwenda pasipo pake.

Hakikisha tena hakuna kilichochaguliwa, kisha chukua Perspective, safari hii Direction ikiwa Normal (Forward), na Interpolation ileile. Buruta pembe nne za leya hadi kwenye nukta za leya ya «alama», kila moja kwa namba ulizoandika. Ukuta utajikunja na kulala juu ya picha ya mwanzo. Zima na uwashe leya hiyo kwa kubofya jicho lake mara kadhaa. Kama madirisha ambayo hukuyagusa yanaruka, pembe moja haiko sawasawa.

Sasa Layer > Mask > Add Layer Mask, chagua Black (full transparency), na upake nyeupe kwa brashi laini pale tu nguzo ilipokuwa, pamoja na ile taswira kwenye kioo cha dirisha la pili. Ukuta mwingine wote ubaki ule wa picha ya mwanzo. Kugeuzwa mara mbili kumeulainisha mkanda wako kidogo, na chembechembe za kamera zimepungua. Bofya picha ndogo ya leya hiyo, si ya mask, kisha weka Filters > Noise > RGB Noise kwa kiasi kidogo sana, ukilinganisha na plasta ya jirani kwa ukubwa wa asilimia 100, mpaka usione mpaka kati ya kipya na cha zamani.

Kinachobaki hakiko kwenye bapa la ukuta, na kinatengenezwa kwenye picha ya kawaida: kichwa cha taa kama kimeingia angani, kitako cha nguzo kwenye njia ya waenda kwa miguu, nyaya, na kivuli. Kivuli kifuate kutoka kitakoni. Kinalala kwenye sakafu, na kama jua liko upande wa barabara kinaweza kufika ukutani na kupanda. Ukuta umeshautengeneza, lakini kipande cha sakafuni husahaulika. Kwa mawe ya ukingo wa barabara tumia tena Clone na Shift, kwa mstari ulionyooka.

Kukagua

Geuza picha kushoto-kulia kwa Image > Transform > Flip Horizontally. Jicho lililozoea picha halioni makosa yake, ila ikigeuzwa linayaona. Kisha iondolee rangi kwa muda na uongeze kontrasti kupita kiasi: plasta isiyolingana itajitokeza kama mkanda wa wima. Mwisho punguza picha mpaka iwe ndogo kama kiganja. Mkanda wa wima ukionekana hapo, tatizo ni mwanga wa jumla, na linatibiwa kwa Curves kwenye leya ya «bapa», bila kuongeza Clone.

Vibao vya barabarani na mabango hufuata njia hii hii, lakini huwa vipana, na hapo ndipo mpaka wa kazi ulipo. Kibao kikificha dirisha zima, unaweza kulijenga kutoka kwa jirani zake kama yote yanafanana. Kikificha kitu ambacho hakina ndugu, kama mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, mwaka uliochongwa juu ya mlango, au jina la mwenye jengo, usikibuni. Rudi ukapige picha nyingine au kiache kibao kilipo. Picha za habari na zile zinazopigwa ili kuweka rekodi ya hali ya jengo zibaki na nguzo zake. Na kwa picha ya nyumba inayouzwa, nguzo ya umeme iliyo mbele ya lango ni sehemu ya kile mnunuzi anachokilipia, kwa hiyo naye aione.